Kupanga Zamu: Anza na Fomu, Malizia na Penseli

Katika vituo vingi tunavyotembelea, ratiba ya zamu hupangwa kichwani mwa msimamizi. Anaiandika Ijumaa jioni, anaibandika ukutani, na kabla ya Jumatatu saa nne watu watatu wameshakuja kulalamika. Mmoja ana masomo, mwingine hapati matatu ya kurudi nyumbani usiku, wa tatu aliomba ruhusa kwa mdomo ikasahaulika. Tatizo si ubishi. Msimamizi hakuwauliza kabla ya kupanga.

Hapa tutaeleza njia rahisi, kwa mfano wa zahanati ndogo yenye wauguzi wanne. Tutawaita A, B, C na D. Unahitaji karatasi, penseli na raba tu.

FOMU YENYEWE

Chora jedwali: siku saba kwenda chini, zamu mbili kwenda kando. Juu ya kila zamu andika saa kamili, kwa mfano "saa 1 asubuhi hadi saa 7 mchana" na "saa 7 mchana hadi saa 1 jioni". Usiandike "saa 1" peke yake, maana kuna wanaohesabu saa kwa Kiingereza na kwao hiyo ni saa 7 mchana.

Katika kila kisanduku mfanyikazi anaweka alama moja kati ya tatu: tiki maana yake naweza, X maana yake siwezi, L maana yake ikilazimu nitakuja. Hiyo L ni muhimu. Bila hiyo, mtu ambaye hapendi tu zamu fulani ataweka X, na wewe utadhani haiwezekani kabisa.

Uliza kwa zamu, si kwa siku. Msabato akiandika "Jumamosi siwezi", msimamizi asiyejua atampa Ijumaa mchana. Lakini Sabato inaanza Ijumaa jua linapotua, na zamu ya mchana inaisha saa 1 jioni, giza limeshaanza kuingia. Fomu ya visanduku inaonyesha jambo hilo bila maneno mengi.

Usidai sababu ya kila X. Ukidai, watu wataandika za uongo, ama watakueleza mambo ya ugonjwa na ya nyumbani ambayo hayafai kukaa kwenye faili ya wote. Chini ya fomu weka jina, tarehe na sahihi. Toa fomu wiki mbili kabla, na utaje siku ya mwisho ya kurudisha.

KUHESABU KABLA YA KUPANGA

Zahanati yetu inahitaji hivi: Jumatatu hadi Ijumaa, wauguzi wawili asubuhi na mmoja mchana. Jumanne ni kliniki ya watoto, kwa hivyo asubuhi ni watatu. Jumamosi na Jumapili ni mmoja kila zamu. Jumla ni nafasi 20 kwa wiki. Kwa watu wanne, kila mmoja atapata zamu tano.

Fomu zimerudi. A ni Msabato: X Ijumaa mchana na Jumamosi yote. B anasoma chuoni: X mchana kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi, na L Jumapili asubuhi. C anakaa mbali: X kila zamu ya mchana, na Jumapili yote. D ana X Jumapili yote tu. Kwingine kote wameweka tiki.

Sasa hamisha alama zote kwenye karatasi moja kubwa, kila zamu na mstari wake. Mwisho wa kila mstari andika namba mbili: tiki ni ngapi, na wanaohitajika ni wangapi. Mahali tiki ni chache kuliko mahitaji, jua mapema kwamba hakuna ufundi wa kupanga utakaoziba pengo hilo. Utatumia L, ama utaazima mtu, ama utapunguza saa za kufungua.

Katika mfano wetu Jumapili asubuhi ina tiki moja tu, ya A. Jumapili mchana ina mbili, A na B. Ijumaa mchana na Jumamosi mchana ni B na D. Mchana wa Jumatatu hadi Alhamisi ni A na D. Asubuhi za katikati ya wiki zina tiki nne kila moja.

JAZA PAGUMU KWANZA

Hapa ndipo wengi hukosea. Wanaanza Jumatatu kwa sababu ndiyo iko juu ya karatasi. A ana tiki nyingi, basi wanamtumia Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi na Ijumaa. Zamu zake tano zimekwisha. Wakifika Jumapili asubuhi, wamebaki na B wa "ikilazimu", naye ndiye atakayebaki pia mchana.

Anza na mstari wenye watu wachache. Jumapili asubuhi mpe A, kisha Jumapili mchana B. Ijumaa mchana mpe B, na Jumamosi mchana D. Halafu mchana nne za katikati ya wiki: A apate Jumatatu na Jumanne, D apate Jumatano na Alhamisi. Tumezifuatanisha makusudi. Anayefunga saa 1 jioni akipangwa kufungua saa 1 asubuhi inayofuata, atakuja amechoka. Akifunga siku mbili mfululizo, shida hiyo inapungua.

Asubuhi ni rahisi, zinajazwa mwisho. Rasimu inatoka hivi:

Jumatatu: asubuhi C na D, mchana A
Jumanne: asubuhi B, C na D, mchana A
Jumatano: asubuhi B na C, mchana D
Alhamisi: asubuhi A na B, mchana D
Ijumaa: asubuhi A na C, mchana B
Jumamosi: asubuhi C, mchana D
Jumapili: asubuhi A; mchana B

KAGUA MAMBO MANNE

Weka kidole kwenye kila jina ulinganishe na fomu: kuna aliyewekwa kwenye X? Hesabu zamu: kila mmoja ana tano. Tazama kama kuna mtu ana zamu mbili siku moja, ama amefunga usiku akafungua asubuhi. Hapa hakuna, hata B wa Jumapili mchana hayuko Jumatatu asubuhi. Mwisho tazama ofu: Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mfanyikazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Kwetu kila mmoja ana mbili. Kwa mfano, C ana Alhamisi na Jumapili.

BADO NI RASIMU

Ibandike ikiwa na neno RASIMU juu, uwape siku mbili waseme. Baada ya hapo iandike kwa kalamu. Anayetaka kubadilishana zamu amtafute mwenzake, wote wawili watie sahihi, nawe ukubali.

Kuna jambo moja fomu haiwezi kukuonyesha. Ukifuata tiki peke yake, A atafanya Jumapili asubuhi wiki zote za mwaka, eti kwa sababu ndiye aliyesema anaweza. Mwisho atajifunza kuandika X kama wengine. Kwa hivyo weka daftari la kuhesabu Jumapili za kila mtu, na mara moja moja itumie ile L ya B. Na A akienda likizo, tazama karatasi kubwa tena: mchana wa Jumatatu hadi Alhamisi unabaki na D peke yake, na Jumapili yote inabaki na B. Hapo tafuta mtu wa kushikilia kabla hujatia sahihi likizo hiyo.