Mashine ya Kuchumia Chai Ikifika Kabianga Imevunjika

Bonasi ya KTDA huingia mwezi Oktoba, na tarehe 11 Novemba majukwaa makubwa ya Uchina hufanya mauzo yao makubwa kuliko yote ya mwaka. Kwa mkulima mdogo wa Kabianga mwenye ekari moja au mbili za chai, wiki hizo ndizo anazoweza kuagiza mashine ya mkononi ya kuchumia majani, ile inayofungwa betri mgongoni na kupuliza majani hadi kwenye mfuko. Kuagiza ni rahisi. Tangu mwaka 2019 Safaricom na AliExpress walipoingia mkataba, hata asiye na kadi ya benki anaweza kulipa kwa M-Pesa, na tangu Juni 2022 kuna kadi ya Visa ya mtandaoni iliyounganishwa na M-Pesa. Kurudishiwa pesa mashine inapofika imevunjika ndiko kazi ilipo.

Wengi hudhani kudai fidia kunategemea ukali wa barua. La hasha. Kunategemea mambo mawili: saa ya ulinzi wa mnunuzi ilianza kuhesabiwa wapi, na ni nani aliyefungua boksi akiwa anarekodi.

Tuanze na saa. Mtu wa Kericho anayeagiza kutoka Zhejiang ana njia mbili. Ya kwanza ni jukwaa lenyewe kumletea mzigo hadi Kenya. Nauli yake huwa juu, hasa kwa kitu chenye betri. Ya pili, ambayo wafanyabiashara wetu huipenda, ni kumpa muuzaji anwani ya ghala la wakala wa mizigo huko Guangzhou. Wakala hukusanya vifurushi vya watu wengi, huvisafirisha pamoja kwa meli hadi Mombasa au kwa ndege hadi Nairobi, na wewe humlipa kwa kilo au kwa ujazo. Bei ni nafuu, na hesabu za forodha anazibeba yeye. Lakini kwa macho ya jukwaa, mzigo umefika siku ulipotiwa sahihi ghalani Guangzhou. Yaliyoupata baada ya hapo si yao tena.

Chukua mfano wa mashine ya dola 110 iliyoagizwa tarehe 12 Novemba. Ghala la Guangzhou linaipokea tarehe 18. Kama ilinunuliwa AliExpress, muda wa kawaida wa kufungua lalamiko ni siku 15 baada ya mzigo kufika, yaani hadi tarehe 3 Desemba. Kama ilinunuliwa Alibaba chini ya mpango wa Trade Assurance, ni siku 30, hadi tarehe 18 Desemba. Mzigo wenyewe uko baharini. Unafika Mombasa, unapita forodha, unapandishwa Nairobi, kisha unawekwa juu ya basi la Kericho na kumalizia safari kwa bodaboda. Mwenye mashine anafungua boksi katikati ya Januari na kukuta ganda la mota limepasuka na wembe umepinda. Dirisha la jukwaa limefungwa zaidi ya wiki tatu zilizopita. Na akimwandikia muuzaji siku hizo, huenda akamkuta anajiandaa kwa likizo ya mwaka mpya wa Kichina, ambapo viwanda hufungwa kwa wiki mbili au zaidi.

Kwa hiyo, anayetumia wakala lazima amlipe afungue boksi palepale Guangzhou. Wapo mawakala wanaofanya hivyo kwa ada ndogo: wanapiga picha, wanawasha kifaa, wanatuma video. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo pesa ya mwisho mtu kuibania. Ikionekana imevunjika siku ya tatu, lalamiko linafunguliwa wakati saa bado inakwenda, na mashine inaweza kurudishwa kiwandani kwa lori badala ya kuvuka bahari tena. Wakala akisema ilikuwa nzima, basi unajua uharibifu ulitokea mikononi mwake au njiani kwetu, na dai lako linahamia kwake.

Sasa ushahidi. Yule anayeamua lalamiko haijui Kabianga, hajawahi kukuona, na anasoma malalamiko mengi kwa siku. Anatafuta jambo moja tu: je, kitu kilichovunjika kwenye picha ndicho kilichotumwa kwa oda hii? Picha ya wembe uliopinda ukiwa juu ya meza haimjibu. Kinachomjibu ni video moja isiyokatwa. Anza na lebo ya usafirishaji mpaka namba ya ufuatiliaji isomeke. Zungusha boksi pande zote sita, ukitulia kwenye pembe zilizobonyea na mahali utepe ulipoguswa. Kata utepe ukiwa bado unarekodi. Onyesha jinsi mashine ilivyopangwa ndani: kulikuwa na povu la kuikinga au ilifungwa kwa gazeti tu? Itoe, onyesha kibandiko cha modeli na namba yake, ndipo ufike kwenye ufa. Mwisho washa. Ikiwa mota inanguruma lakini wembe hauzunguki, acha sauti isikike.

Sehemu ya ufungashaji ina uzito kuliko watu wanavyofikiri. Muuzaji anayejua kazi yake atasema mzigo ulitoka kiwandani ukiwa mzima, akalaumu msafirishaji. Lakini boksi lililojaa nafasi tupu, bila kitu cha kuzuia mota isigonge ukuta wa karatasi, ni kosa la aliyefunga, hata kama basi liliruka matuta yote kati ya Nakuru na Kericho. Ndiyo maana boksi na vikinga vyake havitupwi mpaka pesa irudi.

Baada ya video, picha nne au tano zinatosha: lebo, boksi kwa nje, ufungashaji wa ndani, ufa ukiwa na rula pembeni, na kibandiko cha modeli. Kama kuna kilichopungua, weka kila kitu kwenye mizani. Mizani ya kuning'iniza, kama ile ya kituo cha kununulia majani, ikisoma kilo 6 huku lebo ya usafirishaji ikisema 8, itasaidia kuliko aya nzima ya maelezo. Ongeza picha ya skrini ya tangazo la bidhaa, iliyopigwa siku uliyonunua, maana matangazo hubadilishwa. Na mazungumzo yote na muuzaji yabaki ndani ya jukwaa. Wauzaji wengi hukuvuta uende WhatsApp au WeChat, na mwamuzi wa jukwaa hana sababu ya kuamini kilichosemwa huko.

Maneno ya dai yawe machache. Huandikwa kwa Kiingereza chepesi, kwa kuwa muuzaji mara nyingi huyasoma yakiwa yametafsiriwa kwa Kichina, na sentensi ndefu hupotea njiani. Yangekuwa hivi: "Oda namba fulani. Nilipokea tarehe fulani. Ganda la mota lina ufa wa sentimita 7. Wembe umepinda na hauzunguki. Boksi halikuwa na povu. Mashine haifanyi kazi. Naomba kurudishiwa dola 110 bila kurudisha bidhaa. Video na picha 5 zimeambatanishwa." Hakuna hasira humo, wala hadithi ya mavuno yaliyopotea. Hasara ya majani yaliyozeeka shambani ni ya kweli na inauma, lakini jukwaa halilipi hasara ya aina hiyo.

Kiasi unachotaja kinahitaji kufikiriwa. Kama ni mfuko wa kukusanyia tu uliochanika, kudai bei yote kunamfanya mwamuzi akutilie shaka. Dai bei ya mfuko. Kama mota ndiyo iliyokufa, mashine nzima haina thamani, na bei yote ni haki. Hapo muuzaji huja na ofa: atakurudishia dola 15, au atatuma wembe mpya bure, mradi ufunge lalamiko kwanza. Hapo ndipo wengi huumizwa. Ukifunga lalamiko na muda wa ulinzi ukapita, huwezi kulifungua tena, na huo wembe huenda usije. Mjibu kwa heshima kwamba lalamiko litabaki wazi mpaka kitu kifike.

Akishindwa kwa hoja, atasema rudisha mashine. Hapa betri inakuwa silaha yako. Betri ya lithiamu ya volti 24 na saa-ampea 12 ina nguvu ya saa-wati 288. Zaidi ya saa-wati 100, betri ya namna hiyo husafirishwa kwa ndege kama mzigo wa hatari kamili, kwa ufungashaji maalumu na hati zake, na haikubaliwi kama kifurushi cha kawaida cha posta. Liandike hilo kwenye lalamiko, ukisema uko tayari kuirudisha iwapo muuzaji atatoa lebo iliyolipiwa ya msafirishaji anayekubali betri hiyo. Kwa kusema uko tayari, hujakataa kurudisha. Na yeye akipiga hesabu ya gharama, mara nyingi ataona nafuu kukuachia.

Utayari huo una kazi nyingine pia. Jukwaa likikukatalia, aliyelipa kwa kadi ya Visa bado ana mlango wa benki yake. Kanuni ya Visa namba 13.3 inahusu bidhaa mbovu au isiyolingana na maelezo, na inampa mnunuzi siku 120 tangu kupokea bidhaa, kwa masharti kwamba alijaribu kumalizana na muuzaji na alirudisha bidhaa au alijaribu kuirudisha. Kwa mfano wetu, hata ikihesabiwa kutoka Guangzhou tarehe 18 Novemba, siku 120 zinaishia tarehe 18 Machi, kwa hiyo mtu wa Januari hajachelewa. Aliyelipa kupitia PayPal ana siku 180 tangu siku ya malipo, ila akishafungua lalamiko ana siku 20 tu za kulipandisha ngazi, la sivyo linajifunga. Aliyemtumia mtu pesa moja kwa moja kwa M-Pesa au kwa hawala, nje ya jukwaa, hana mlango wowote kati ya hiyo.

Sheria yetu ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 ipo, lakini hukumu ya Kenya haitamfikia mwenye karakana Zhejiang. Wakala wa mizigo mwenye ofisi Nairobi ndiye anayefikika. Kama video ya Guangzhou inaonyesha mashine ikizunguka na video ya Kenya inaonyesha imepasuka, Mahakama ya Madai Madogo hupokea kesi zisizozidi shilingi 1,000,000, na sheria inataka ziamuliwe ndani ya siku 60. Kabla ya hapo soma nyuma ya risiti yake, maana huenda imeandikwa kwamba hawajibiki kwa vitu vinavyovunjika. Pia fungua boksi ofisini kwake, mbele ya mfanyakazi wake, kabla ya kulipakia kwenye basi. Likishaondoka pale bila kufunguliwa, atasema limevunjikia njiani kuja Kericho, na hutakuwa na cha kumjibu.

Kwa mashine moja ya dola 110, nauli ya juu ya jukwaa lenyewe inafaa kulipwa, kwa sababu saa inaanza kuhesabiwa mzigo ukiwa Kenya. Kwa mwenye duka la pembejeo anayeleta mashine 20, wakala wa Guangzhou bado ana faida, mradi hata moja isipande meli kabla ya kuwashwa mbele ya kamera.