Kumtania Anayeagwa Bila Kumuumiza

Kwenye hafla ya kumuaga mfanyakazi mwenzenu, kuchekesha si kazi. Watu wameshashiba pilau, soda ziko mezani, wako tayari kuchekea lolote. Tatizo ni kwamba anayeagwa hana nafasi ya kujibu. Mpare akimtania Mchaga, anajua zamu yake inakuja. Utani wa watani hauumizi kwa sababu ni wa kurudishiana. Anayeagwa amekaa meza kuu na mumewe na watoto, na Jumatatu hatakuwepo ofisini kukurudishia.

Tuchukue mhasibu anayestaafu akiwa na miaka 60. Ofisi nzima inamjua kwa jambo moja: usiporejesha masurufu na risiti kamili, hupati ya safari nyingine. Hapo pana utani mzuri, ila unategemea unauelekeza kwa nani. Ukisema, “Mama alikuwa bahili, utadhani hela ni zake,” watu watacheka, lakini umemsema yeye. Ukiongeza, “Ile nyumba yake ya Kigamboni tunajua imejengwa na risiti zetu,” umeharibu kabisa. Mhasibu haguswi kwenye uaminifu wa fedha hata kwa mzaha, maana wapo wageni watakaoondoka na hilo neno wakidhani ni habari.

Sasa geuza utani ukuangukie wewe mwenyewe: “Niliporudi Dodoma, Mama aliikataa risiti yangu ya nyumba ya wageni. Haikuwa na muhuri. Nikamwambia, ‘Mama, si unaona kabisa nimerudi?’ Akanijibu, ‘Kurudi nimekuona, kulala sijakuona.’ Leo nimemletea zawadi. Mama, risiti iko ndani ya boksi, ina tarehe na ina muhuri.” Tabia ni ileile, ila aliyeumbuka ni msemaji, na mama ametoka na sifa yake: makini, na mwepesi wa jibu kukushinda.

Kisa cha namna hiyo kimoja kinatosha. Kiweke mapema, kisha uingie kwenye shukrani. Ukimaliza kwa mzaha, shukrani zitasahaulika. Siku moja kabla, msimulie rafiki yake wa karibu pale ofisini. Akicheka, endelea. Akisema “mh, sijui,” kitupe, usibishane naye. Maumbile, maradhi, ndoa na sababu ya kuondoka visiguswe. Bosi naye apunguze mizaha, kwani kicheko anachopewa mara nyingi ni cha heshima tu, hakimwonyeshi alipokosea.

Ukishamtania, mpe kipaza sauti. Mshereheshaji apange neno la anayeagwa lije baada ya watani wake wote, ili alipize akitaka, nanyi mkae kimya mchekwe. Lakini kama mtu anaondoka kwa kupunguzwa kazi, usimtanie mbele ya watu hata kidogo, labda aanze mwenyewe.