Fahamu: Kichujio cha picha kikigawanyika, hesabu hupungua

Picha ya eksirei mara nyingi huwa na chengachenga. Kompyuta huzipunguza kwa kichujio, yaani jedwali dogo la namba linalopita kila pikseli, likizidisha thamani yake na za majirani zake, kisha kuzijumlisha. Mfano ni huu, jumla ikigawanywa kwa 16:

```
1 2 1
2 4 2
1 2 1
```

Mstari wa pili ni wa kwanza mara mbili, na wa tatu ni sawa na wa kwanza. Mistari yote ikiwa vizidisho vya mmoja, kichujio kinagawanyika: pitisha `1 2 1` kwa mlalo, kisha kwa wima, ukigawanya kwa 4 kila mara. Usikate desimali katikati, la sivyo majibu yatatofautiana kidogo.

Kichujio cha Laplace cha kutafuta kingo hakigawanyiki, kwani mstari wake wa kati, `1 -4 1`, si kizidisho cha wa kwanza, `0 1 0`.

Kwa kichujio cha 3 kwa 3, kila pikseli huhitaji kuzidisha mara 6 badala ya 9. Kwa 9 kwa 9, ni 18 badala ya 81. Hapo, kwa picha ya pikseli 2,000 kwa 2,000, idadi ya kuzidisha hushuka kutoka milioni 324 hadi milioni 72.