Picha ya faragha imesambaa: Jinsi ya kuichunguza bila kumwanika mhusika

Chukulia mfano huu. Binti anayefanya kazi saluni Mafiga, Manispaa ya Morogoro, anaambiwa na shoga yake kwamba kuna picha ya utupu inazunguka kwenye grupu la WhatsApp na watu wanasema ni yeye. Anakana. Anamwendea kaka mmoja wa steshenari, mtaalamu wa kompyuta, amsaidie kujua picha imetoka wapi.

Kosa la kwanza huwa hapo hapo: "Nitumie niione."

Akitumiwa, picha inaweza kujihifadhi yenyewe kwenye galari ya simu yake. Kama simu hiyo inapakia picha mtandaoni, nakala nyingine inaingia kwenye akaunti yake. Binti alitaka msaada, lakini sasa picha ipo sehemu tatu zaidi.

Anachopaswa kuuliza kwanza

Kabla ya kugusa picha, kaka huyo anatakiwa kumweleza mambo manne: ataangalia nini, kwa kutumia nini, nani mwingine ataona, na atafuta lini. Kwa mfano: "Dada, nitatafuta kipande cha ukuta tu kwenye Google, hapa hapa kwenye simu yako ukiwa unaona, halafu tunafuta hicho kipande. Sawa?"

Akikubali, amekubali hilo tu. Hajaruhusu picha aonyeshwe "jamaa anayejua zaidi". Na akibadili mawazo katikati, kazi inasimama.

Msimamo huo una mguu kwenye sheria. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda maisha binafsi ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inataka taarifa za mtu zitumike kwa lengo lililotajwa na zisizidi kinachohitajika.

Kipande kinatosha

Kutafuta picha kwa Google Lens maana yake ni kuituma kwenye seva za kampuni nyingine. Kwa hiyo usipakie picha nzima. Kata sehemu isiyo na mwili wala sura: pazia, kochi, mchoro ukutani. Kisha piga skrinishoti ya kipande hicho na utumie hiyo skrinishoti, kwa sababu baadhi ya simu huhifadhi picha ya awali nyuma ya ile iliyokatwa.

Ukilazimika kufunika kitu, weka boksi jeusi tii. Rangi ya kupitisha mwanga, kama ya kalamu ya kuangazia maandishi, inaweza kuondolewa kwa kuongeza mwangaza wa picha.

Kipande hicho kikitokea kwenye tovuti ya zamani, na picha nzima ya hapo ina mtu mwingine kabisa, binti ana jibu. Kisipotokea, haimaanishi kwamba picha ni yake. Ni kwamba utafutaji haujapata kitu. Kuna vitu anavyoweza kuvijua mwenyewe bila kumwonyesha mtu: kovu, alama ya kuzaliwa, chumba ambacho hajawahi kuingia.

Na kama kweli ni yeye?

Hapo kazi inageuka kutoka kuchunguza kuwa kuzuia. StopNCII.org, iliyoanza Desemba 2021, ni ya watu wa miaka 18 na zaidi. Unachagua picha kwenye simu yako, na simu yenyewe inatengeneza mfululizo wa herufi na tarakimu unaoiwakilisha. Huo ndio unaotumwa, picha haitoki. Facebook, Instagram na TikTok ni kati ya mitandao inayoutumia kuitambua picha ikipakiwa. Ombi analiweka mhusika mwenyewe, si rafiki kwa niaba yake.

Lakini ina mipaka. Picha ikikatwa sana au kubadilishwa, inaweza isitambulike. Na ujumbe wa ndani ya WhatsApp umefungwa kwa siri, kwa hiyo haufikiwi.

Kwa aliye chini ya miaka 18 kuna Take It Down, inayofanya kazi kwa njia hiyo hiyo. Picha ya mtoto usiihifadhi wala kuituma kwa yeyote, hata kwa jina la ushahidi.

Polisi wapewe nini?

Binti akienda Dawati la Jinsia na Watoto, aende na jina la grupu, namba iliyotuma, tarehe na saa. Skrinishoti ionyeshe hayo, picha yenyewe ikiwa imefunikwa. Ujumbe wa awali usifutwe kwenye simu iliyoupokea, maana mpelelezi anaweza kuutaka.

Shoga aliyemletea habari naye ana la kufanya: asiitume popote. Kusema "kuna picha grupu fulani, imetumwa na namba hii saa tatu usiku" kunampa binti kila anachohitaji kuanza nacho.