Mboga Iliyonyauka na Maji ya Chumvi: Mlaji Afahamu Nini Kabla ya Kununua na Kuosha

Mboga za majani zinazouzwa Njisi na kwingineko katika tambarare ya Kyela hukabiliwa na joto kali tangu zinapovunwa. Nyingine hulimwa papo hapo, katika mabonde yaliyo karibu na Mto Songwe na ufuko wa Ziwa Nyasa. Nyingine huteremshwa kutoka nyanda za baridi za Rungwe. Ifikapo saa nane mchana, fungu la mchicha lililokuwa limesimama wima asubuhi huwa limelegea. Hapo muuzaji huchukua chupa au ndoo na kulinyunyizia maji, nalo baada ya muda huonekana kana kwamba limevunwa upya.

Nyumbani nako wapo walaji ambao huloweka mboga hiyo katika maji ya chumvi kwa nia ya kuisafisha, kisha hushangaa kuikuta imelegea zaidi kuliko ilipotoka sokoni. Maji yameihuisha mboga mezani pa muuzaji, na maji hayohayo, yalipotiwa chumvi, yameinyong'onyeza jikoni. Mambo haya mawili yana sababu moja, ambayo wanabayolojia huiita osmosisi. Mlaji anayeielewa ataweza kutambua maji yamemfanyia nini muuzaji, na yatamfanyia nini yeye mwenyewe.

Kinachoisimamisha mboga

Jani la mchicha halina mfupa. Kinacholisimamisha ni maji yaliyomo ndani ya seli zake, yaani vijumba vidogo mno ambavyo kwavyo mwili wa mmea umejengwa. Kila seli ina ukuta mgumu kwa nje, na ndani ya ukuta huo mna utando mwembamba ulioshika maji yenye sukari, chumvichumvi na vitu vingine vilivyoyeyuka. Seli ikijaa, maji husukuma utando dhidi ya ukuta kama hewa inavyosukuma mpira wa ndani dhidi ya tairi la baiskeli. Msukumo huo ni mkubwa kuliko wengi wanavyodhani: katika jani lililojaa maji, huweza kuzidi ule wa hewa iliyomo katika tairi la gari dogo.

Jani linapokatwa na kuwekwa juani huendelea kutoa mvuke kupitia vitundu vidogo vilivyo juu ya ngozi yake, lakini mzizi wa kulirudishia maji haupo tena. Msukumo hupungua na jani hulegea. Haihitajiki hasara kubwa: mboga laini ya majani ikipoteza hata chini ya sehemu moja ya kumi ya uzito wake, huonekana wazi kuwa imenyauka. Seli nyingi bado zi hai. Zimepungukiwa maji tu. Ndiyo maana mboga iliyonyauka si lazima iwe imeharibika.

Maji huingia na kutoka kwa njia gani

Utando wa seli huruhusu maji kupita kwa urahisi, lakini huzuia kwa kiasi kikubwa chumvi na sukari. Maji hayatulii; chembe zake hupita utandoni pande zote mbili bila kukoma. Pale ambapo pana vitu vingi vilivyoyeyuka, chembe za maji zilizo huru kuvuka ni chache. Pale penye maji matupu, ni nyingi. Kwa hiyo, hesabu ya waingiao na watokao inapofanywa, maji mengi zaidi huelekea upande wenye vitu vingi vilivyoyeyuka. Mwelekeo huo wa maji kupitia utando wa namna hiyo ndio osmosisi.

Jani lililonyauka likitiwa katika maji ya kisima, ya bomba au hata ya Ziwa Nyasa, ambayo si ya chumvi, upande wenye vitu vingi ni ndani ya seli. Maji huingia, msukumo hurudi, na jani husimama. Likitiwa katika maji ya chumvi kali, mambo hugeuka: vitu vilivyoyeyuka ni vingi zaidi nje, na maji hutoka. Seli hupungua, na utando wake huweza hata kujitenga na ukuta. Mboga hulegea ingawa imezama katika maji.

Jaribio la mabakuli matatu

Mlaji anaweza kulithibitisha jambo hili kwa fungu moja la mchicha ulionyauka kidogo, lita tatu za maji safi na chumvi ya kawaida ya unga. Fungu ligawanywe katika sehemu tatu zinazolingana, na ncha za mashina zikatwe upya kiasi cha sentimita moja, kwa kuwa mahali palipokauka hapapitishi maji vizuri.

Bakuli la kwanza litiwe lita moja ya maji bila chumvi. La pili litiwe lita moja na kijiko kimoja na nusu cha chai cha chumvi, ambacho ni takriban gramu 9. La tatu litiwe lita moja na vijiko vikubwa viwili vya chumvi, takriban gramu 35. Maji hayo yatakuwa na ukali unaokaribia ule wa Bahari ya Hindi. Mboga izamishwe yote, iachwe kivulini, kisha baada ya saa moja kila shina lishikwe kwenye ncha na kunyooshwa kwa ulalo.

Shina la bakuli la kwanza litakuwa limekaza na kunyooka. La bakuli la tatu litainama kama uzi. La bakuli la pili ndilo lenye fundisho zaidi, kwani kwa kawaida hubadilika kidogo sana: kiasi hicho cha chumvi kinakaribia kulingana na vitu vilivyomo ndani ya seli, hivyo maji yanayoingia na yanayotoka yanakaribia kuwa sawa. Matokeo hayatalingana kabisa kwa kila mboga, kwa sababu mmea uliokulia mahali pakavu huwa na utomvu mzito zaidi kuliko ule uliokulia bondeni penye maji mengi. Isitumike mizani katika jaribio hili, kwa maana matone yanayoganda juu ya majani hupotosha uzito.

Sasa mboga ya bakuli la tatu isuuzwe na kuhamishiwa katika maji yasiyo na chumvi. Ikiwa haikukaa katika chumvi kwa muda mrefu, itasimama tena ndani ya saa moja au mbili. Ikiwa ilikaa usiku kucha, huenda isisimame kamwe. Majani yatakuwa ya rangi ya giza, yenye kuonyesha mwanga kama karatasi iliyopakwa mafuta, na yatateleza mkononi. Hiyo ni alama kwamba utando wa seli umekufa. Anayetumia mchicha mwekundu ataona dalili iliyo dhahiri zaidi: maji yatageuka mekundu, kwa sababu rangi iliyokuwa imezuiliwa na utando imevuja. Utando ukishakufa, hakuna osmosisi tena, na hakuna maji yatakayomhuisha mchicha huo. Moto hufanya vivyo hivyo kwa dakika chache. Ndiyo sababu sufuria iliyojaa majani mabichi hubakia na mboga kidogo baada ya kuchemka.

Yanayomhusu mlaji sokoni

Kutokana na maelezo haya, kunyunyiza maji si udanganyifu kwa asili yake. Maji yanayoingia katika seli huirudishia mboga hali iliyokuwa nayo, na muuzaji anayetumia maji safi anaitunza bidhaa yake. Hata hivyo, mambo matatu yanahitaji uangalifu.

La kwanza ni umri wa mboga. Maji hurudisha ukakamavu, lakini hayarudishi vitamini zilizopotea wala rangi ya kijani iliyogeuka njano. Kwa hiyo mlaji asitazame ukakamavu peke yake. Atazame ncha ya shina, ambayo hugeuka kahawia kadiri siku zinavyopita. Atazame majani ya chini, ambayo hutangulia kuwa ya njano. Na anuse, kwani seli zilizokufa huanza kuoza na kutoa harufu hata kama majani ya juu yamesimama.

La pili ni uzito. Pale ambapo mboga hupimwa kwa kilo, maji yaliyo ndani ya jani ni sehemu halali ya mboga, lakini maji yanayoning'inia juu yake siyo. Mlaji ana haki ya kuomba fungu likung'utwe kabla ya kuwekwa kwenye mizani. Yakidondoka maji mengi, alikuwa karibu kuyalipia.

La tatu, na lililo zito kuliko yote, ni usafi wa maji yenyewe. Osmosisi haichagui ndoo. Maji ya mfereji yatalikaza jani sawasawa na maji ya bomba, na kwa macho hakuna atakayetofautisha. Lakini vijidudu vya kipindupindu na vya magonjwa mengine ya kuhara vilivyomo katika maji machafu hubaki juu ya majani na katika mikato ya mashina. Mboga iliyokaza vizuri si ushahidi wa mboga safi. Mlaji amuulize muuzaji maji yametoka wapi, na mboga ambayo hana hakika nayo aipike mpaka iive, asiile mbichi.

Chumvi jikoni

Wengi huamini kwamba kuloweka mboga kwa dakika chache katika maji ya chumvi huua vijidudu. Imani hii ina asili ya kweli, kwa kuwa chumvi nyingi huzuia vijidudu kukua kwa kuvinyang'anya maji kwa njia ileile ya osmosisi. Ndivyo samaki wa chumvi anavyohifadhika. Lakini samaki hushindiliwa chumvi nyingi na kukaa nayo kwa siku kadhaa. Kijiko kimoja katika beseni kwa dakika kumi hakifikii kiwango hicho, na anayekiongeza ili kifikie ataiharibu mboga kabla ya kuiua bakteria. Kusuuza mara kadhaa katika maji safi yanayotiririka, kisha kupika, ni njia ya kutegemewa zaidi.

Chumvi ina mahali pake pale ambapo kutoa maji ndiyo nia, kama vile katika kulainisha vitunguu vya kachumbari. Pale ambapo nia ni kuyarudisha, utaratibu ni mfupi: kata ncha za mashina, zamisha mboga katika maji safi yasiyo na chumvi, iweke kivulini kwa nusu saa hadi saa moja, kisha ikung'ute. Chumvi itiwe wakati wa kupika. Saladi ya majani mabichi nayo itiwe chumvi inapokaribia kuliwa, kwani ikitiwa mapema majani yatalala na maji yatajaa chini ya bakuli. Mboga isiyosimama baada ya saa mbili katika maji safi imekwisha kufa. Ikiwa pia inateleza au inanuka, itupwe.