Gari Lenye Aibu na Muuzaji Asiyekubali Kulirudia

Baada ya swala ya Ijumaa alitujia baba mmoja wa msikiti wetu, ameshika bahasha ya karatasi. Alikuwa amenunua gari la watu saba, lililotumika ughaibuni, katika yadi moja hapa Mombasa kwa shilingi 1,380,000. Siku ya tisa aliwachukua ahli zake kwenda Voi. Walipofika kilima cha Mazeras injini ilinguruma kwa nguvu, lakini gari halikupanda. Walisimama kando ya barabara na watoto jua kali, hadi likaja gari la kuwavuta.

Aliporudi yadini aliambiwa maneno mawili. La kwanza, kwamba alilijaribu gari mwenyewe akaridhika. La pili, kwamba risiti yake imepigwa muhuri usemao mali ikishauzwa hairudishwi. Akatuuliza: je, haki yangu imekwisha? Tulikaa naye siku kadhaa juu ya jambo hilo, na tumeona si vyema faida yake ibaki kwa mtu mmoja.

Tuanze na ule muhuri, kwani ndio unaowavunja watu moyo. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 inamhesabu kila mfanyabiashara kuwa ameahidi kwamba mali aliyoiuza ina ubora unaokubalika, hata kama hakutamka neno. Na sheria hiyohiyo inabatilisha sharti lolote linalokusudia kuifuta ahadi hiyo. Basi muhuri ule ni wino tu. Katiba nayo, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaostahiki, na ya kufidiwa hasara itokanayo na kasoro. Kwa waliosoma fiqhi, jambo hili si geni: ni hiari ya aibu, ambayo kwayo mnunuzi humrudishia muuzaji kitu chenye kasoro ya zamani iliyokuwa imefichika.

Neno la pili, lile la kujaribu gari, lina uzito zaidi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inasema kwamba mnunuzi aliyekagua kitu hana dai kwa kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuifichua. Tairi lililokwisha, kioo chenye ufa, rangi iliyobambuka: haya ni juu ya mnunuzi. Lakini giaboksi ya otomatiki iliyochakaa ndani huweza kufanya kazi vizuri ikiwa baridi, kisha huteleza mafuta yake yakipata moto na gari likibeba mzigo mlimani. Kulizungusha gari robo saa katika mitaa tambarare hakungeyafichua hayo. Kwa hiyo mzozo wote ulisimama juu ya swali moja: je, kasoro hii ilikuwamo siku ya kuuziana, au ilizaliwa baadaye?

Swali hilo hujibiwa na fundi, wala si kwa kupaza sauti yadini. Tulimshauri baba yule asipeleke gari kwa fundi wake wa siku zote, bali kwa mkaguzi asiye na maslahi kwa upande wowote, ambaye ataandika na kutia sahihi. Mkaguzi alikuta mafuta ya giaboksi yamekuwa meusi yenye harufu ya kuungua, na chembe za chuma zimekaa chini ya sinia yake. Mashine ya kusoma hitilafu ilionyesha alama `P0730`, maana yake uwiano wa gia si ule unaotakiwa. Akaandika kwamba uchakavu wa kiasi hicho hautokei kwa siku tisa za matumizi ya kawaida. Sentensi hiyo moja ilikuwa na thamani kuliko kurasa kumi za malalamiko.

Hapa kuna tahadhari mbili. Kwanza, acha kulitumia gari mara unapoijua kasoro. Mnunuzi anayeendelea kulitumia kwa wiki na miezi huhesabiwa kuwa amelikubali. Hapo huweza kudai fidia, lakini haki ya kulirudisha humponyoka. Mafakihi wetu wa Kishafii nao hushurutisha haraka hiyohiyo. Pili, usimruhusu fundi yeyote kuifungua giaboksi kabla ya ripoti kuandikwa, kwani muuzaji atasema fundi wako ndiye aliyeiharibu.

Kisha ikaja barua kwa muuzaji. Ilikuwa ukurasa mmoja: tarehe ya kununua, bei, tarehe ya kuharibika, alichokiona mkaguzi, na anachotaka mnunuzi, yaani giaboksi itengenezwe au gari lirudishwe na fedha zake, katika siku kumi na nne. Alipeleka nakala mbili, moja ikapigwa muhuri wa kupokewa akarudi nayo. Siku kumi na nne zilipita kimya.

Ndipo malalamiko yalipopelekwa kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ambayo sheria imeipa pia kazi ya kuwatetea watumiaji dhidi ya wauzaji wanaodanganya au kuuza bidhaa zisizofaa. Malalamiko huandikwa, na mlalamikaji hatozwi ada. Tulimsihi aandike kwa mpangilio wa tarehe, bila matusi wala dua mbaya, na aambatishe risiti, tangazo la gari lililosema "giaboksi safi", ripoti ya mkaguzi, na nakala ya barua yenye muhuri. Lile tangazo lilikuwa muhimu mno. Gari kuharibika ni mzozo wa watu wawili, lakini mfanyabiashara kutangaza sifa isiyokuwepo ni upotoshaji, na huo ndio mlango ambao Mamlaka huingilia. Ikiwa umenunua kupitia tangazo la simu, lihifadhi siku hiyohiyo, kwani hufutwa.

Hata hivyo, Mamlaka si kadhi wa kila deni. Huchunguza, humtaka muuzaji ajieleze, na huweza kumwadhibu. Lakini atakaye hukumu ya kulipwa fedha zake, njia yake ni mahakama. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, mtu huweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka shauri limalizike katika siku 60. Bei ya gari hili ilipita kiwango hicho, lakini gharama ya giaboksi ilikadiriwa kuwa shilingi 210,000. Angeweza kudai gharama hiyo pale. Aliyetaka kurudishiwa bei nzima angekwenda mahakama ya hakimu.

Haikufika huko. Muuzaji alipojua kwamba malalamiko yameandikwa na yana ripoti, alimwita mnunuzi wakae. Alikubali kuweka giaboksi nyingine kwa gharama yake, na kuandika dhamana ya miezi mitatu. Gharama ya kuvutwa kutoka Mazeras hakuilipa, na baba yule aliisamehe. Tulimwomba asisamehe jambo moja tu: mapatano yaandikwe, yatiwe sahihi na mashahidi wawili, na asitie sahihi kuyafuta malalamiko yake mpaka gari lipande kilima kile likiwa limejaa watu.

Alikwenda nalo Jumamosi, akapanda, akateremka, akapanda tena. Jumatatu ndipo alipotia sahihi.