Dawa ya Mifugo Katika Damu ya Binadamu

Katika mtaa wa Kensington, mjini Filadelfia, Marekani, askari wa doria wamejifunza kwa taabu kwamba mtu aliyezidiwa na dawa za kulevya aweza kuokolewa na bado asiamke. Chanzo ni zailazini, dawa ya kuwalaza ng'ombe na farasi wanapotibiwa, ambayo haikuidhinishwa kamwe kwa binadamu. Wauzaji waliichanganya na fentanili kwa kuwa ni rahisi kuipata, nayo hurefusha ulevi ambao fentanili peke yake huumaliza upesi. Mwaka 2021 ilionekana katika zaidi ya asilimia 90 ya sampuli za unga zilizopimwa mjini humo.

Na uchukuliwe mfano wa mtu aliyekutwa kando ya njia, midomo imekuwa ya buluu, akipumua mara 4 tu kwa dakika. Askari ampulizia puani naloksoni, dawa inayoiondoa fentanili mahali inaposhika ubongoni. Baada ya dakika 3 pumzi zafika 12 kwa dakika, lakini mtu hafumbui macho. Hapo ndipo kosa hutokea: askari huongeza dozi ya pili, ya tatu, ya nne. Usingizi uliobaki ni wa zailazini, na naloksoni haina uwezo juu yake. Dozi za ziada humtapisha mtu, naye akiwa usingizini aweza kupaliwa na matapishi hayo.

Kwa hiyo kipimo ni pumzi, si macho. Naloksoni hutolewa daima, maana fentanili ndiyo inayoua upesi. Pumzi zikiwa haba, hupuliziwa hewa mdomoni, mara moja kila sekunde 5. Zikirudi, hulazwa ubavu na kupelekwa hospitali, huku pumzi zikihesabiwa njia nzima.

Vidonda ni habari nyingine. Zailazini hubana mishipa midogo ya damu, nyama hukosa hewa na kufa, na kidonda hufunikwa na gamba jeusi gumu. Ajabu yake ni kwamba hutokea hata mahali ambapo sindano haikuchomwa, hasa miguuni na mikononi. Huoshwa kwa maji safi na sabuni, kikafunikwa kwa kitambaa kisichogandamana nacho; spiriti huzidi kuua nyama.

Jimbo la Pensilvania liliidhibiti zailazini mwaka 2023. Wauzaji hawakuacha, walibadili. Kuanzia mwaka 2024 medetomidini, dawa nyingine ya mifugo yenye nguvu zaidi, ilianza kuchukua nafasi yake mjini Filadelfia. Hiyo nayo haisikii naloksoni, na tena ina hatari ya mahabusu: mtu aliyeizoea, saa chache baada ya kuikosa, hutetemeka, hutapika mfululizo, moyo humwenda mbio na shinikizo la damu hupanda mno. Mlinzi wa zamu aweza kudhani kwamba mfungwa analaghai, kumbe anahitaji daktari usiku ule ule.